Asilimia Ishirini ya Nini? Meneja, wakala na mikataba inayoumiza bendi changa Zanzibar

Hoteli ya Paje imelipa shilingi 1,200,000 kwa bendi ya watu sita. Kosta ya kwenda na kurudi Mjini imechukua 150,000, spika za kukodi 200,000, chakula na maji 50,000. Zimebaki 800,000. Aliyeleta kazi ana asilimia 20 yake na meneja ana asilimia 20 yake, na wote wawili wanazihesabu kutoka kwenye ile 1,200,000 ya mwanzo: 240,000 huyu, 240,000 yule. Zinabaki 320,000. Kila mpigaji anarudi nyumbani na 53,000 na chenji kidogo, na meneja, ambaye usiku ule pengine hakubeba hata waya, amepata mara nne na nusu ya mpiga udi.

Hakuna aliyeiba hapo. Vyote vimo kwenye mkataba, na vijana wenyewe wameutia saini, kwa sababu walipoambiwa "asilimia ishirini" waliona ni haki na hawakuuliza ni ishirini ya nini. Hesabu hizi ni za mfano tu, bei za kosta na spika hupanda na kushuka, lakini mpangilio wake ndio unaokutana nao kila siku. Mwongozo huu unafuata swali hilo moja, la asilimia inakatwa wapi na nani ana haki ya kuikata, tangu kwenye bendi ya hoteli mpaka kwenye safari ya Ulaya.

Kwanza tuwatenganishe watu

Hapa kwetu neno "meneja" hubebeshwa kila kazi. Anayewatafutia harusi ni meneja, mwenye spika ni meneja, kaka wa mwimbaji mwenye simu nzuri naye ni meneja. Katika biashara ya muziki kuna watu watatu tofauti, na mkiwachanganya ndipo fedha inapovujia.

Meneja yuko upande wa bendi, na kazi yake ni maisha yote ya bendi: bajeti, pasipoti, usajili wa nyimbo, ratiba ya mazoezi na kurekodi, ugomvi wa ndani, kuchagua wakala na kumkagua. Anapata sehemu ya kila kinachoingia, kwa kawaida asilimia 15 hadi 20.

Wakala wa maonesho naye ni wa bendi, lakini anauza kitu kimoja tu, nacho ni tarehe. Anawajua wanunuzi, anapatana malipo, anaandika mkataba wa onesho, anadai malipo ya awali, na anazipanga tarehe ili msipige leo kaskazini, kesho kusini, na keshokutwa kaskazini tena. Kawaida yake ni asilimia 10 hadi 15 ya malipo ya maonesho aliyoyaleta yeye. Hana sehemu katika nyimbo, wala katika YouTube, wala katika harusi mliyoitwa na jirani yenu. Mara nyingi pia ana eneo lake, tuseme Ujerumani, Austria na Uswisi, na nje ya hapo si wakala wenu.

Wa tatu ni mnunuzi: hoteli, tamasha, au promota anayekodi ukumbi na kuuza tiketi. Huyu yuko upande wa pili wa meza. Akipata faida ni yake, na akipata hasara ni yake vilevile. Sauti za Busara, tamasha la muziki la kila mwaka hapa Zanzibar, ni mnunuzi. Bendi huomba nafasi wenyewe tamasha linapotangaza kupokea maombi, kwa hiyo mtu akitaka fedha yenu "awaingize Busara", muulizeni anafanya kazi gani ambayo fomu haiwezi kuifanya.

Hatari kubwa ni mtu mmoja kukaa pande mbili. Hoteli ya Kiwengwa inamlipa 2,000,000, yeye anawaambia bendi ni 1,200,000, kisha anakata asilimia 20 yake kwenye hiyo 1,200,000. Amechukua 800,000 kama mnunuzi na 240,000 kama meneja, zote kwa usiku mmoja. Kununua onesho kwa bei ya chini na kuliuza kwa ya juu ni biashara halali ya promota. Meneja analipwa ili bei yenu iwe kubwa, na akiwa yeye ndiye mnunuzi, kila shilingi anayowapunguzia ni faida yake.

Kuligundua hili si kazi ngumu. Ombeni nakala ya mkataba ulio na jina la hoteli na jina la bendi, si wa hoteli na meneja. Mkiambiwa "hoteli haipendi kuonesha mikataba", mjue jibu mmeshapewa. Dalili nyingine ni meneja anayekataza katu mwanabendi yeyote asizungumze na meneja wa chakula na vinywaji wa hoteli.

Hatua ya kwanza: katibu na mshika fedha kabla ya meneja

Vikundi vyetu vikongwe vya taarab vina jambo ambalo bendi za vijana zimelisahau. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ni klabu: ina wanachama na viongozi wao, na kazi ya kupokea mwaliko na kuhesabu fedha ni ya wanachama wenyewe. Bendi ya watu sita inayopiga hotelini mara mbili kwa wiki haina kazi ya kumtosha meneja. Inahitaji katibu mmoja anayejibu simu, na mshika fedha mmoja ambaye si huyo katibu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari la mistari, ukurasa mmoja kwa kila onesho. Juu andikeni tarehe, mahali na jina la aliyekubaliana nanyi. Chini yake iandikwe fedha iliyolipwa na mnunuzi, kisha gharama moja moja, kisha kilichobaki, kisha mgao, na kila mmoja atie saini mbele ya jina lake usiku uleule. Acheni nafasi peke yake kwa ajili ya tuzo. Kwenye harusi mwimbaji anaweza kutunzwa fedha nyingi kuliko malipo yenyewe ya bendi, na tuzo ikiingizwa kimyakimya kwenye "mapato" basi meneja na wakala nao watakata humo. Amueni mapema kama tuzo ni ya mwimbaji au ya kapu la wote, na popote itakapokwenda, mkataba useme kamisheni haiigusi.

Baada ya daftari, jina. Zanzibar jina la biashara husajiliwa na BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Alama ya biashara iliyosajiliwa Bara kwa BRELA haina nguvu hapa, na ya hapa haina nguvu Bara, kwa hiyo bendi inayotazamia soko la Dar es Salaam ina safari mbili. Lisajiliwe kwa majina ya wanabendi. Hali kadhalika kurasa za YouTube na Instagram: barua pepe na namba ya simu ya kurejeshea nenosiri ziwe za bendi. Bendi imeshaachana na meneja wake na kukuta kwamba jina, ukurasa na video zote zimebaki kwenye simu ya yule aliyeondoka, nao wanaanza upya kwa jina ambalo hoteli hazilijui.

Nyimbo ni mali nyingine kabisa. Zisajilini COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na kwenye nafasi ya mtunzi aandikwe aliyetunga shairi na aliyetunga lahani. Meneja hata akilipia studio hawi mtunzi. Kamisheni yake hukoma mkataba unapokoma, lakini jina lililoandikwa kwenye fomu kama mtunzi linaendelea kula miaka yote wimbo unapotumika.

Hatua ya pili: mjue mnahitaji nani

Jipimieni kwa kazi iliyopo. Mkiwa na maonesho manne kwa mwezi na wanunuzi watatu mnaowajua kwa majina, katibu anatosha. Simu zikianza kumpita, na kuna safari, studio na barua za Kiingereza za kujibu, hapo meneja ana kazi. Wakala wa nje huja mwisho, kwa sababu anauza kitu kilichokwisha kutengenezwa: video safi ya onesho zima, si klipu ya sekunde thelathini, picha, maelezo mafupi, na orodha ya mahitaji ya jukwaani.

Hiyo orodha ya jukwaani hudharauliwa, kumbe ndiyo inayomwonesha wakala kama nyie ni watu wa kazi. Iseme watu wangapi, nani anakaa wapi, maikrofoni ngapi, ganuni inachukuliwa sauti kwa maikrofoni gani, na kama besi kubwa itaazimwa huko huko, kwa maana kulipakia besi kwenye ndege ni gharama inayoweza kula malipo ya onesho zima. Wapigaji wa kidumbak wana nafuu, besi yao ni sanduku, na likivunjika linaundwa jengine.

Msimu nao uingie kwenye hesabu. Hoteli nyingi za pwani hupunguza kazi au kufunga wakati wa masika, Machi hadi Mei, na mwezi wa Ramadhani muziki wa hadhara hunyamaza. Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, basi kuna miaka inaangukia masika na kuna miaka inakula msimu mzuri. Meneja anayewaahidi "milioni kadhaa kila mwezi" kwa mwaka mzima bila kuitaja miezi hiyo hajapiga hesabu, au amepiga na hataki muione.

Hatua ya tatu: andikeni asilimia ni ya nini

Turudi Paje. Fedha ni ileile 1,200,000. Safari hii aliyeleta kazi anapata asilimia 10 ya malipo yote, 120,000. Hii ni sawa kukatwa juu, kwa sababu yeye hana sauti katika gharama zenu na si haki apunguziwe kwa kuwa mmekodi kosta ya ghali. Toeni gharama, 400,000. Zimebaki 680,000. Meneja anachukua asilimia 20 ya hizo, 136,000. Zinabaki 544,000, na kila mpigaji anapata kama 90,600 badala ya 53,300. Tofauti ni asilimia ya aliyeleta kazi na sentensi chache kwenye mkataba wa meneja, nazo zinaweza kuwa hivi:

"Meneja atalipwa asilimia 20 ya fedha iliyobaki katika kila onesho baada ya kutoa kamisheni ya wakala, kodi, usafiri, vyombo vya sauti na chakula, kwa stakabadhi. Fedha ya tuzo haitahesabiwa. Katika onesho lolote meneja hatapata zaidi ya mara mbili ya fungu la mwanabendi mmoja."

Sentensi ya mwisho ndiyo breki. Kwa bendi ya watu sita asilimia 20 ya baki ni fungu moja na nusu, kwa hiyo siku za kawaida breki haiguswi kabisa. Inaamka pale bendi inapozidi watu wanane: ikiwa ya kumi na wawili, asilimia 20 ileile huwa sawa na mafungu matatu ya mpigaji mmoja. Na kwa kundi kubwa la taarab lenye watu ishirini, hesabu ya asilimia haifai kabisa: mhesabuni meneja kama mwanachama mmoja wa ziada, mgawane kwa vichwa.

Meneja naye ana hoja yake, na ni ya kweli. Akilipwa kwa kilichobaki, bendi inayotaka kulala hoteli nzuri na kukodi gari mbili inamla yeye. Jibu lake ni bajeti: gharama za kila onesho ziandikwe kabla, na zikizidi bila ya meneja kukubali, ziada itoke kwenye mafungu ya wanabendi.

Hatua ya nne: safari ya Ulaya kwenye karatasi

Hapa ndipo bendi changa huumia zaidi, na mara nyingi huumia huku zikishangiliwa. Wakala kawaona kwenye tamasha, ameandika: maonesho manane Ujerumani, wastani wa euro 2,000 kila moja. Jumla 16,000. Nyumbani watu wanazibadilisha kichwani kuwa shilingi na wanaona wametajirika.

Kaeni na kalamu. Wakala asilimia 15, yaani 2,400. Kisha kodi. Ujerumani hukata kodi ya msanii mgeni palepale kwenye malipo: asilimia 15 pamoja na nyongeza ndogo juu yake, jumla asilimia 15.825, na huikata kwenye malipo kabla ya gharama zenu. Hiyo ni 2,532. Kuna msamaha pale malipo ya mtu mmoja kwa onesho moja yasipozidi euro 250. Bendi ya sita kwa euro 2,000 ni 333 kila mmoja, basi mnakatwa, wakati bendi ya watu wanane kwa fedha ileile ingeangukia kwenye 250 na kupona. Wakala mzuri anaijua hesabu hii, na huwahi kumtaka promota aibebe kodi juu ya malipo. Muulizeni kabla ya saini: "Euro 2,000 ni kabla ya kodi au baada?"

Gharama zinafuata. Tiketi za ndege, tuweke 900 kwa mtu, ni 5,400. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, kwa watu sita 540. Gari na mafuta kwa siku kumi, 1,800. Siku za onesho promota analisha na kulaza, lakini siku mbili tupu katikati ni zenu, tuseme 600. Jumla ya gharama 8,340.

Toeni vyote kutoka 16,000 na mkononi zimebaki 2,728.

Sasa aje meneja mwenye mkataba wa "asilimia 20 ya mapato yote". Fungu lake ni 3,200. Hazipo. Bendi imepiga mara nane, imerudi nyumbani, na inadaiwa euro 472 na meneja wake mwenyewe. Kisheria yuko sahihi. Vijana wanasema wameibiwa, meneja anaonesha karatasi, na mpiga fidla haji tena mazoezini.

Kwa mkataba wa baki, meneja anapata 545 na kila mpigaji 363. Kwa kugawana vichwa saba, kila mmoja pamoja na meneja anapata 389. Si fedha nyingi kwa mtu aliyefanya kazi miezi sita, na mambo haya yazungumzwe kabla: safari ya kwanza mara nyingi hulipa kwa jina na si kwa mfuko. Ila kuna tofauti kubwa baina ya kurudi na kidogo na kurudi na deni. Mikataba mingi ya nje huitoa kamisheni ya wakala, vyombo vya sauti na fedha ya ruzuku ya safari kabla ya kumhesabia meneja, kwa hiyo mkiomba hivyo hamjaomba jambo la ajabu.

Angalieni pia kiti cha saba. Meneja akisafiri nanyi ni 990 nyingine kwa tiketi na viza, na baki inashuka mpaka 1,738. Kama huko ataendesha gari, atauza sidii na kukusanya malipo, huenda inafaa. Kama anakwenda kutembea, ajilipie.

Kuna mtego mmoja wa wakati. Wakala akiandika "tarehe 14 imeshikwa", maana yake ukumbi umeiweka kando tu, na pengine nyinyi ni wa pili kwenye foleni nyuma ya bendi nyingine. Tarehe iliyoshikwa haijauzwa. Imeuzwa pale mkataba umesainiwa pande mbili na malipo ya awali, kwa kawaida nusu, yameingia. Bendi hukata tiketi za ndege kwa tarehe nane ambazo tano tu zimeuzwa, tatu zinaanguka, na gharama zinabaki zilezile. Fanyeni hesabu ya juu tena kwa maonesho matano, muone: 10,000 toa wakala 1,500, toa kodi 1,582 na senti, toa gharama 8,340, tayari mko chini ya sifuri kabla meneja hajafungua kinywa.

Ombi la viza ya Schengen huweza kupelekwa mpaka miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Jibu la kawaida huchukua siku 15 na linaweza kufika 45. Basi mpangieni wakala ukomo: mikataba yote iwe imefungwa miezi mitatu kabla, la sivyo hamsafiri. Na kila mkataba wa onesho uruhusu kubadilisha mpigaji mmoja, kwa sababu akinyimwa viza mtu mmoja kati ya sita, promota anaweza kusema bendi aliyoinunua siyo iliyokuja.

Hatua ya tano: mlango wa kutokea

Mkataba wa kwanza na meneja uwe wa majaribio, miezi sita, halafu mwaka mmoja au miwili. Miaka mitano kwa bendi ambayo mwimbaji wake bado yuko skuli ni mingi mno. Tazameni kifungu cha kujirefusha chenyewe: mikataba mingine huendelea kwa muda uleule kama hamkuandika barua siku kadhaa kabla ya mwisho, na bendi hukumbuka wiki moja baada ya mwisho.

Kisha kuna malipo baada ya mkataba kwisha. Meneja aliyeleta kazi ya mwaka kesho ana haki ya kupata kitu hata akiwa ameondoka, lakini kwa kushuka na kwa kazi aliyoileta yeye tu. Mfano unaokubalika ni nusu ya asilimia yake mwaka wa kwanza, robo mwaka wa pili, kisha basi. Pasipoandikwa, yule wa zamani anadai 20, mpya anadai 20, na wakala ana 15 yake: asilimia 55 imeondoka na hamjakodi hata kosta.

Hati ya uwakala wa kisheria ipunguzeni. Meneja huiomba ili aweze kusaini kwa niaba yenu, na kwa onesho moja la haraka si vibaya. Iandikwe hivyo hivyo: maonesho ya siku moja, ndani ya Zanzibar, yasiyozidi kiasi fulani, na si mkataba wowote unaoifunga bendi na hoteli moja. Huko kufungwa na hoteli moja kunauma kimya. Meneja anasaini kwamba bendi haitapiga hoteli nyingine Nungwi wala Kendwa msimu mzima, hoteli inakata siku kutoka tatu kwa wiki hadi moja, na nyinyi hamwezi kwenda kwingine. Ukitaka kufungwa, lipwa kwa kufungwa: idadi ya chini ya maonesho, na yasipofika, hoteli ilipe au mlango ufunguke.

Kinanda. Hili tulieleze vizuri kwa sababu ndilo linalovunja bendi nyingi kuliko asilimia. Meneja ananunua kinanda cha 3,000,000 na kila mtu anafurahi. Hakuna aliyeuliza ni zawadi, ni mkopo, au ni mali yake iliyoazimwa. Miaka miwili baadaye wanagombana, anakichukua, na anasema pia anadai fedha za studio, sare na mafuta ya gari. Siku ile ile kinapoletwa, andikeni mistari minne: bei, ni cha nani, kama ni mkopo unakatwa kiasi gani kwa kila onesho, na mkiachana kinakwenda wapi. Tuseme 50,000 kwa onesho: ni maonesho 60, kila moja linatiwa alama daftarini, na la sitini likipigwa kinanda ni cha bendi. Mkopo usikatwe kabla ya gharama, na usihamishiwe kwenye mkataba mpya bila ya kuhesabiwa upya mbele ya wote.

Wapo wanaoona aibu kumwandikisha ami au kaka aliyewasaidia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, inahusu kuandika deni, nayo inawaambia watu wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Mkimwonesha hiyo, ami hana pa kukasirikia.

Jambo la mwisho ni nani anatia saini. Kiongozi akisaini peke yake, deni linaweza kuwa lake peke yake, na wenzake wanaweza kusema hawakujua. Wasaini wote sita, kila mmoja na nakala yake, kwa Kiswahili. Kama mkataba umekuja kwa Kiingereza, meneja alete tafsiri na muda wa siku saba wa kuusoma. Akisema hoteli inataka saini leo jioni, mwambieni onesho la leo mtalipiga kwa makubaliano ya siku moja, na mkataba mtaurudisha Ijumaa ijayo baada ya sala.